Dakika Kumi na Mbili za Maji Magumu

Kifurushi cha wanafunzi kufundishana kinatosha kuingia katika bahasha moja. Ndani yake kuna kadi ya mada, karatasi tupu ya andalio la somo, orodha ya vifaa, vipande vya maswali kwa wasikilizaji, na karatasi moja ya mwalimu ambayo wanafunzi hawaioni. Kikundi cha wanafunzi wanne hupewa bahasha siku nne au tano kabla ya zamu yao, hujiandaa, kisha husimama mbele ya wenzao na kufundisha mada moja ya kemia kwa dakika 12. Vipindi viwili vya dakika 40 vinavyofuatana hutosha vikundi vitatu na maswali yao.

Vikundi hivyo vitatu havipewi mada moja. Mwaka 1971 Elliot Aronson, mwanasaikolojia wa Marekani, alijaribu katika shule za Austin, Texas, utaratibu ambao kila mtoto alishika kipande cha somo ambacho wenzake hawakuwa nacho, hivyo wakalazimika kumsikiliza. Darasa ambalo kila mmoja ameshasoma mada ileile huwasikiliza wenzao kwa adabu tu, na adabu haina jipya la kuuliza.

Kadi ya mada ndiyo inayookoa au kuharibu kazi yote. Kadi iliyoandikwa “Maji” au “Ugumu wa maji” itazaa somo la kunakili: wanafunzi watafungua kitabu, watagawana aya, na kila mmoja atasoma yake akiwa ameelekea ubaoni. Kadi nzuri ina swali moja linaloweza kujibiwa kwa jaribio moja. Kwa kidato cha tatu swali linaweza kuwa hili: je, maji ya kisima chetu ni magumu, na yakichemshwa ugumu wote unaondoka? Swali hilo lina uzito mkubwa katika pwani ya Afrika Mashariki, kwa sababu visima vingi vya Zanzibar, Mombasa na miji mingine ya pwani vimechimbwa katika miamba ya matumbawe, na matumbawe ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kinachofanya chokaa na ganda la yai.

Kinachotakiwa kuelezwa ni kifupi. Maji ya mvua yanapopita hewani na udongoni huchukua kaboni dayoksaidi na kuwa asidi hafifu. Asidi hiyo huyeyusha miamba ya chokaa, na maji hutoka upande wa pili yakiwa na ayoni za kalsiamu, pengine na za magnesiamu. Sabuni inapoingia, ayoni hizo huishika na kuigeuza mabonge meupe yasiyoyeyuka, yale yanayoganda pembeni mwa beseni. Povu halianzi mpaka ayoni zote zishikwe. Kwa hiyo kiasi cha sabuni kinachopotea kabla ya povu ndicho kipimo cha ugumu, na mwanafunzi akilielewa jambo hilo moja amepata somo zima.

Vifaa havihitaji maabara. Zinatosha chupa nne ndogo za dawa zenye vifuniko, bomba la sindano lisilo na sindano yake, sufuria, karatasi ya kuchujia au kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, na saa inayoonyesha sekunde. Gramu moja ya sabuni ya mche iliyoparwa huyeyushwa katika mililita 100 za maji ya mvua ya vuguvugu. Kila chupa hutiwa mililita 10 za maji ya aina yake: ya mvua, ya kisima, ya kisima yaliyochemshwa, na ya kisima yaliyotiwa magadi ya kufulia. Maji ya sabuni hudondoshwa tone kwa tone, chupa ikitikiswa kila baada ya matone mawili, hadi povu lidumu sekunde 30 bila kukatika. Idadi ya matone huandikwa ubaoni mbele ya macho ya wote.

Chupa ya tatu na ya nne huandaliwa jana yake. Maji ya kuchemsha hutokota dakika 10, hupozwa, huchujwa, kisha huongezwa maji ya mvua mpaka yarudi ujazo wa mwanzo. Hatua hiyo ya mwisho husahauliwa mara nyingi. Maji yanayopungua kwa mvuke huacha chumvi zake katika maji machache, na kikundi kinaweza kuishia kutangaza kwamba kuchemsha hakukusaidia kitu. Maji ya magadi hutiwa nusu kijiko cha chai kwa lita, hukorogwa, huachwa nusu saa yatulie, kisha huchujwa.

Tuseme matokeo ni haya: mvua matone 4, kisima 40, kisima yaliyochemshwa 15, kisima yenye magadi 6. Matone 4 ya mvua ni sabuni inayohitajika kutoa povu hata pasipo ugumu wowote, kwa hiyo hutolewa katika kila hesabu. Ugumu wa kisima basi ni matone 36. Baada ya kuchemsha yamebaki 11, na huo ndio ugumu wa kudumu. Yaliyoondoka kwa moto ni 25, nao ni ugumu wa muda. Kuchemsha kumeondoa zaidi kidogo ya thuluthi mbili, na swali la kadi limejibiwa: si wote. Ubaoni panatosha mlinganyo mmoja unaoeleza kilichotokea sufuriani:

Ca(HCO3)2 → CaCO3 + H2O + CO2

Kalsiamu iliyokuwa imeyeyuka imegeuka chokaa na kutuama. Gamba jeupe lililoganda ndani ya birika la nyumbani ni ushahidi uleule, na mwanakikundi akilileta birika lenyewe darasani, maneno mengi hupungua. Ugumu uliobaki ni wa salfeti na kloridi za kalsiamu na magnesiamu, ambazo moto hauzigeuzi. Magadi yameziondoa kwa sababu yana kaboneti inayoishika kalsiamu na kutuama nayo.

Somo likiharibika, mara nyingi huharibikia mahali pawili. Pa kwanza ni sabuni. Wanafunzi huleta sabuni ya unga au ya maji ya kuoshea vyombo, kwa kuwa ndiyo iliyopo nyumbani. Nyingi kati ya hizo si sabuni kwa maana ya kemia. Zimetengenezwa makusudi zisigande na kalsiamu, na hutoa povu vizuri hata katika maji magumu sana. Dalili yake huonekana mapema: chupa zote nne hutoa povu kwa matone yanayokaribiana, na hakuna bonge jeupe hata moja. Kikundi kisichojua hilo kitahitimisha kwamba maji ya kisima ni laini, na darasa zima litaandika hivyo daftarini.

Pa pili ni lugha. Mtaani, maji ya kisima yasiyotoa povu huitwa maji ya chumvi, na mwanafunzi hukimbilia kusema kwamba maji magumu ni maji yenye chumvi ya mezani. Chumvi ya mezani ni sodiamu kloridi, na sodiamu haiigandishi sabuni kama kalsiamu inavyofanya. Lakini jina la mtaani halijakosea kabisa. Kisima kilicho karibu na ufuo huweza kuingiliwa na maji ya bahari, ambayo huleta chumvi ya mezani pamoja na magnesiamu nyingi, na chumvi ikizidi sana nayo hudhoofisha povu. Kwa kisima cha namna hiyo hesabu ya matone haiwezi kutenganisha kilichosababishwa na ugumu na kilichosababishwa na chumvi. Kikundi kinapaswa kukiri mpaka huo mbele ya darasa. Kukiri kwenyewe ni kemia nzuri kuliko jibu la uhakika lisilo kweli.

Ndiyo maana karatasi ya mwalimu, ile isiyoonekana, ina makosa manne au matano yanayotarajiwa: maji magumu ni machafu, kuchemsha kunaua chumvi, maji magumu ni yale mazito ya vinu vya nyuklia, na mengine ya aina hiyo. Siku moja kabla ya somo mwalimu hukisikiliza kikundi kwa dakika tano pembeni, karatasi mkononi. Hafundishi upya. Akisikia kosa anauliza swali moja na kuwaacha walitafute: mmejuaje kwamba sabuni hii ni sabuni? Hatua hii ikirukwa kwa kukosa muda, ni heri zoezi lote liahirishwe, kwa kuwa kosa linalosemwa na rafiki kwa kujiamini huingia akilini upesi na hutoka kwa shida.

Suala la Kiingereza nalo lina nafasi yake. Katika sekondari za Tanzania kemia hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi wakipewa zamu hukariri sentensi nzima wasiyoweza kuieleza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kwa hiyo istilahi za kujadiliana kwa Kiswahili zipo. Utaratibu unaofaa ni kikundi kujiandaa na kubishana kwa Kiswahili, kisha kuandika pembeni mwa andalio maneno sita tu ya Kiingereza yatakayotumika ubaoni. Atakayeshindwa kuyaeleza kwa Kiswahili hajawa tayari kuyafundisha kwa lugha yoyote.

Wasikilizaji hawakai mikono mitupu. Kabla ya chupa ya kwanza kutikiswa, kila mmoja huandika katika kipande chake makadirio ya matone ya chupa zote nne. Kubashiri kunamfanya mtu amtazame anayedondosha, kwa sababu sasa ana lake la kupata au kukosa. Alama za kikundi zinaweza kutolewa kwa sauti, mpangilio na usafi wa ubao, kama vifurushi vingi vinavyofanya, lakini alama hizo hupima uigizaji. Kipimo cha kweli kimo kwa wasikilizaji: wiki moja baadaye hupewa swali ambalo kikundi hakikuligusa.

Kwa mada hii swali linaweza kuwa la tangi. Maji ya mvua yaliyokaa wiki mbili katika tangi jipya la saruji yametumia matone mengi kuliko maji ya mvua yaliyokingwa kwenye ndoo ya plastiki: kwa nini? Mvua ni ileile na hakuna kisima, kwa hiyo aliyekariri kwamba maji ya kisima ni magumu na ya mvua ni laini atakwama hapo. Aliyeelewa atatazama kuta za tangi, kwa kuwa saruji mbichi ina chokaa, na chokaa hiyo huyeyuka ndani ya maji na kuyapa kalsiamu.