Deni Likizeeka, Hasara Huhesabiwa Mapema

Tuseme kuna muuzaji wa jumla wa saruji Mwanza anayewapa mafundi na wenye maduka mkopo wa siku 30. Zamani mhasibu wake alisubiri dalili ya hasara, pengine duka kufungwa, ndipo apunguze thamani ya deni. Tangu Januari 2018, kanuni ya kimataifa ya IFRS 9 inataka hasara ikadiriwe tangu siku ankara inapoandikwa, hata kama mteja bado yumo ndani ya muda wake.

Kwa madeni ya kawaida ya biashara, kazi huanzia kwenye orodha ya umri wa madeni. Viwango vyenyewe havibuniwi. Vinatoka kwenye historia. Mwaka mmoja aliuza kwa mkopo saruji ya shilingi milioni 400, na mwishowe milioni 6 hazikulipwa kabisa. Kati ya mauzo yale, milioni 150 zilivuka tarehe ya kulipa, milioni 60 zikapitiliza kwa zaidi ya siku 30, milioni 24 zaidi ya siku 60, na milioni 12 zaidi ya siku 90. Hasara ni ileile milioni 6, ila kila hatua inagawanywa kwa fungu dogo zaidi. Kwa hiyo deni changa linabeba asilimia 1.5, kisha 4, 10, 25, na lililopita siku 90 asilimia 50.

Leo anadai milioni 80. Ambazo hazijafikia tarehe ni 40, zinazofuata kwa umri ni 20, 10, 4 na 6. Kila fungu likizidishwa kwa kiwango chake, jumla ni shilingi milioni 6.4. Zile milioni 6 zilizozeeka peke yake zinachangia milioni 3. Kama mwaka jana alikuwa ameshatenga milioni 5, gharama ya mwaka huu ni milioni 1.4 tu. Wengi hukosea hapa, wakaandika 6.4 yote.

Historia peke yake haitoshi. Wateja wake wakubwa wakiwa makandarasi wanaosubiri malipo ya serikali yaliyokwama, viwango vipandishwe, na sababu iandikwe. Mdaiwa aliyefilisika atolewe kwenye jedwali, apimwe peke yake.

Binafsi naogopa orodha yenyewe kuliko asilimia. Malipo ya mteja yasipoambatanishwa na ankara yake, deni lililokwisha huonekana kongwe. Hatari kubwa zaidi ni ankara ya zamani kufutwa na kuandikwa nyingine yenye tarehe mpya, ili deni lionekane changa. Mkaguzi makini hutafuta hati ya kupokelea mzigo: ankara ya Desemba ambayo saruji yake ilipokelewa Julai inajieleza.