Amri 5, Mapigo 200: Namna Nzi Anavyoruka

Wale nzi wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi wanafahamika kwa kila mtu mwenye jiko. Wanasayansi huwaita Drosophila, na hao si nzi wanaowaharibia wakulima maembe shambani. Nzi huyu ana urefu wa milimita mbili na ushee, na akiruka hupiga mabawa yake kama mara 200 kwa sekunde moja. Ajabu ni kwamba neva inayokwenda kwenye msuli wake mkubwa wa kurukia haiupi ishara 200. Huupa kama 5 tu. Kwa hiyo kila ishara moja ya neva huzaa mapigo 40 hivi. Hayo 39 ambayo hayakuamriwa yanatoka wapi?

Ili kulijibu swali hilo, tumwangalie kwanza mdudu mwenye mpangilio mwepesi kuelewa: kereng'ende. Ana mabawa manne, na misuli inayoyasukuma imeshikana moja kwa moja na mashina ya mabawa hayo. Kila bawa limeegemea ukingo wa kifua, na ukingo huo ndio egemeo lake. Msuli ulioshika upande wa nje wa egemeo ukijivuta, bawa linashuka. Ulioshika upande wa ndani ukijivuta, bawa linapanda. Huku ndiko kuruka kwa misuli ya moja kwa moja. Kwa kuwa kila bawa lina misuli yake, kereng'ende anaweza kulitumia la mbele tofauti na la nyuma, na la kulia tofauti na la kushoto. Ndiyo maana huweza kusimama hewani, kugeuka ghafla na kumdaka mbu akiwa anaruka. Lakini hafiki mbali kwa kasi ya mapigo: ni mara 30 hadi 40 hivi kwa sekunde.

Nzi amejengwa vingine kabisa. Ukikipasua kifua chake chini ya darubini, utakuta kimejaa misuli minene kutoka ukuta hadi ukuta, na hakuna hata mmoja wa hiyo minene ulioshika bawa. Imeshika kifua chenyewe. Kundi moja limesimama wima, kutoka gamba la mgongoni hadi gamba la chini. Kundi jingine limelala, kutoka mbele kwenda nyuma. Ile iliyosimama ikijivuta, gamba la mgongoni linashuka kidogo sana, na kwa sababu shina la bawa limebanwa kati ya gamba hilo na ukuta wa ubavuni, bawa linatupwa juu. Kisha iliyolala inajivuta, kifua kinafupika, mgongo unatuna, na mabawa yanashuka. Misuli inakibonyeza kifua na kifua ndicho kinachopiga mabawa. Ndiyo maana tunasema hii ni misuli isiyo ya moja kwa moja.

Hapa ndipo vitabu vingi vya shule huishia, na mwanafunzi hubaki akidhani kwamba kubonyeza kifua ndiko kunakoleta kasi. Sivyo. Nondo na vipepeo nao hutumia misuli ya kubonyeza kifua, na nzige huichanganya na ile inayoshika mabawa. Lakini kwa wote hao kila pigo la bawa lina ishara yake ya neva. Nzige wa jangwani hupiga mabawa kama mara 20 kwa sekunde, na kila pigo limeamriwa. Kwa hiyo kuna maswali mawili yanayopaswa kutenganishwa: msuli umeshika wapi, na nani anayeuambia ujivute. Siri ya nzi imo katika swali la pili.

Msuli unaoamriwa pigo kwa pigo una kikomo. Ishara ya neva inapofika, kalsiamu humwagwa ndani ya msuli, nao hujivuta. Ili ulegee tena, kalsiamu hiyo yote lazima irudishwe ghalani, na pampu zinazoirudisha hula nishati na kuchukua nafasi ambayo ingejazwa nyuzi za kuvutia. Pigo la nzi wetu huchukua milisekunde 5, yaani sehemu 5 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000, na katika muda huo msuli unapaswa kujivuta na kulegea. Kumwaga na kuzoa kalsiamu kwa kasi hiyo, kwa msuli unaotakiwa pia kutoa nguvu nyingi, ni gharama kubwa mno. Wadudu wanaoamriwa kila pigo ni nadra kuvuka mapigo 100 kwa sekunde.

Mwaka 1949, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, John Pringle, alieleza jinsi nzi anavyokwepa kikomo hicho. Alipima umeme wa misuli katika kifua cha nzi mkubwa aliyekuwa akipiga mabawa, akaona kwamba ishara zilikuwa chache sana, tena hazikulingana kabisa na mwendo wa mabawa. Maana yake ni kwamba mwanzo wa kila pigo haukuwa kwenye neva, bali kwenye msuli wenyewe.

Kinachotokea ni hiki. Katika msuli wa nzi kalsiamu haimwagwi na kuzolewa kila pigo. Hubaki humo muda wote wa kuruka, na zile ishara 5 kazi yake ni kuitunza isipungue. Msuli unakuwa tayari kujivuta, ila hauamki mpaka uvutwe. Msuli uliosimama unapojivuta, unakirefusha kifua, na kwa kufanya hivyo unaunyoosha ule uliolala. Kule kunyooshwa ndiko kunakouamsha. Unangoja kitambo kidogo sana, kisha unajivuta kwa nguvu, na kwa kujivuta unaunyoosha ule uliosimama, nao unaamka kwa zamu yake. Ni kama watoto wawili waliosimama kila upande wa bembea: hakuna anayewahesabia, kila mmoja anasukuma pale bembea inapomfikia.

Kama ni hivyo, basi kasi ya mapigo haipangwi na ubongo bali na uzito wa mabawa na ugumu wa kifua, na jambo hilo linaweza kupimwa kwa mkasi. Olavi Sotavalta, mtafiti wa Ufini mwenye sikio lililoweza kuitambua sauti ya mdudu na kutaja idadi ya mapigo yake, alikata ncha za mabawa ya wadudu mbalimbali na kusikiliza. Nzi na mbu waliokatwa mabawa walipandisha sauti, kwa maana bawa fupi ni jepesi na kifua kilicheza haraka zaidi. Wadudu wanaoamriwa kila pigo hawakubadilika sana. Ni Sotavalta pia aliyepima usubi wa jamii ya Forcipomyia na kukuta unapiga mabawa zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde.

Msuli usioamka mpaka uvutwe unahitaji wa kuuvuta mara ya kwanza. Nzi ana msuli maalumu unaotoka gamba la mgongoni hadi kwenye miguu ya kati. Unapojivuta ghafla, miguu inasukuma meza na nzi anaruka juu, na wakati huohuo kifua kinabonyea na misuli ya kurukia inanyooshwa. Tendo moja limemwinua na kumwashia mabawa. Kutua ni rahisi zaidi: ishara zinakoma, kalsiamu inazolewa, mabawa yanatulia.

Sasa linakuja swali ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Misuli mikubwa inakisukuma kifua kizima, kwa hiyo inayapiga mabawa yote mawili kwa pamoja. Nzi anageukaje? Tuchukue kona yake ya kawaida. Hugeuka digrii 90 hivi kwa milisekunde kama 50, yaani ndani ya mapigo 10. Msuli mkubwa unaopata ishara 5 kwa sekunde hupata moja kila milisekunde 200, kwa hiyo kona nzima inaweza kuanza na kwisha bila msuli huo kuambiwa lolote.

Anayegeuza si huyo. Kwenye shina la kila bawa kuna misuli midogo sana ya usukani, kama 12 kila upande, nayo imeshika vijifupa vya shina moja kwa moja, kwa mtindo wa kereng'ende. Hii hutii neva. Mmoja wao, unaoitwa b1, hupata ishara moja karibu kila pigo, kwa wakati uleule wa pigo. Hausukumi bawa, maana hauna nguvu hiyo. Unachofanya ni kulikaza shina. Ishara yake ikiwahi kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde, ugumu wa shina unabadilika na bawa la upande huo linafagia hewa kwa upana uliozidi digrii chache. Jirani yake, b2, hukaa kimya nzi anapokwenda moja kwa moja, na huamka pale tu kona kali inapohitajika. Kwa hiyo nzi ana mifumo yote miwili mwilini: ile mikubwa isiyo ya moja kwa moja kwa nguvu, na midogo ya moja kwa moja kwa usukani.

Kuipangia b1 wakati kwa usahihi huo ni kazi isiyoweza kuachiwa macho, kwa sababu macho huchelewa. Nyuma ya kila bawa nzi ana kirungu kidogo, mabaki ya bawa la pili ambalo mababu zake walikuwa nalo. Virungu hivyo hupiga kwa kasi ileile ya mabawa, lakini bawa likishuka chenyewe kinapanda. Mwili ukizunguka, virungu hupindishwa kidogo kando ya njia yao, na vihisio kwenye mashina yake hupeleka habari upesi hadi kwenye neva ya b1. Mwanzoni mwa karne ya 18, William Derham wa Uingereza tayari alikuwa ameona kwamba nzi aliyeng'olewa virungu hushindwa kuruka sawasawa na huanguka, ingawa mabawa yake ni mazima.

Nyuki naye ana misuli ya aina hii, na mabawa yake hupiga kama mara 230 kwa sekunde. Lakini nyuki ameipatia kazi ya pili. Anaweza kuyalaza mabawa mgongoni, kisha akazipeleka ishara za neva kwa kasi zaidi, makundi yote mawili ya misuli yakakaza kwa pamoja. Kwa kuwa hakuna kundi linalomnyoosha mwenzake, hakuna pigo. Nguvu yote inageuka joto. Hivyo ndivyo nyuki wanavyokiweka kiota cha majana karibu na nyuzi joto 35, na ndivyo mmoja mmoja anavyokipasha kifua chake kabla ya kuruka asubuhi ya baridi. Ukimwona kwenye mlango wa mzinga ametulia, mabawa hayatikisiki, ila tumbo linavuta na kusukuma hewa harakaharaka, misuli yake ya kurukia iko kazini tayari.