Ukihariri Ujumbe wa Zamani, Majibu Yako Yanakwenda Wapi?

Mtu amefanya kazi na ChatGPT jioni nzima, amepata majibu anayoyataka, kisha anapanda juu kurekebisha tarakimu moja katika ujumbe wake wa kwanza. Anatuma. Papo hapo kila kilichokuwa chini ya ujumbe ule kinatoweka, na mahali pake panatokea jibu moja jipya. Wengi huamini kwamba kazi yao imefutika, wakaanza upya na moyo mzito. Inasikitisha, kwa sababu haijafutika. Imo ndani ya mazungumzo yale yale, ila iko kwenye tawi jingine ambalo skrini haikuonyeshi kwa wakati huo.

Chanzo cha mkanganyiko ni mazoea tuliyoyapata kwingine. Tangu Mei 2023, WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 baada ya kuutuma. Ukifanya hivyo, maneno mapya huchukua nafasi ya yale ya zamani, na majibu ya wenzako yanabaki palepale yalipokuwa. Mtu aliyezoea hivyo akiona alama ya kalamu kando ya ujumbe wake kwenye ChatGPT au Claude, anatarajia jambo lilelile. Lakini katika programu hizi za akili mnemba, kuhariri hakubadilishi ujumbe wa zamani hata kidogo. Kunaunda ujumbe wa pili pembeni yake, na kuanzia hapo mazungumzo yanakuwa na njia panda.

Tuchukue katibu wa kamati ya harusi mjini Mwanza. Katika ujumbe wa kwanza anaeleza kwamba wageni watakuwa 150, chakula ni pilau, na anaomba makadirio. Anapata jibu lenye kilo 20 za mchele pamoja na nyama na viungo vyake. Katika ujumbe wa pili anaongeza jambo zito: ukumbi hauruhusu kupikia ndani, kwa hiyo chakula kitapikwa nyumbani na kusafirishwa. Jibu linapanga saa za kupika, gari na vyombo vya kuhifadhia moto. Katika wa tatu anaomba barua ya kuwakumbusha watu michango. Barua inakuja kali mno, naye anauhariri ujumbe huo wa tatu, akiomba lugha ya upole. Barua ya pili inampendeza.

Kesho yake familia ya bwana harusi inaleta orodha mpya. Wageni sasa ni 250. Katibu anapanda hadi ujumbe wa kwanza, anafuta 150, anaandika 250 na kutuma. Jibu jipya linasema mchele kilo 33 au 34, na hesabu hiyo ni sahihi kwa uwiano uleule. Lakini mpango wa usafiri haupo na barua haipo. Akiomba sasa ratiba ya siku ya harusi, atapangiwa wapishi waanze kazi ukumbini asubuhi, mahali ambapo kupika kumekatazwa.

Jibu hilo la mwisho ndilo la kuogopwa zaidi, kuliko hata kutoweka kwa barua. Kutoweka unakuona kwa macho. Ratiba yenye kosa huja imepangwa vizuri, na mtu aliyechoka anaweza kuisambaza kwa kamati bila kushtuka, kwa kuwa yeye mwenyewe anakumbuka kwamba alishalisema suala la ukumbi. Alilisema kweli, lakini kwenye tawi jingine.

Sababu iko katika namna mitambo hii inavyofanya kazi. Modeli ya lugha haikai ikikumbuka ulichoiambia jana. Kila unapotuma ujumbe, programu hukusanya jumbe na majibu yote yaliyo kwenye njia moja, kuanzia juu kabisa hadi ujumbe huo mpya, na kuipelekea modeli kama maandishi ya kusoma. Modeli inasoma, inaandika jibu, basi. Kisichokuwa kwenye njia hiyo hakisomwi. Katibu alipohariri ujumbe wa kwanza, njia mpya ilianza na ujumbe mmoja tu, ule wenye wageni 250. Ujumbe wa ukumbi ulikuwa umeshikamana na ujumbe wa zamani, ukabaki nao.

Kuna jambo moja linalovuka mpaka huu. ChatGPT ina kumbukumbu ya kudumu, ambayo mtumiaji anaweza kuiwasha au kuizima, na inaweza kuhifadhi maelezo kukuhusu kutoka katika mazungumzo mbalimbali. Maelezo yaliyokwisha kuingia humo hayaondoki kwa sababu umehariri ujumbe. Ndiyo maana mara nyingine jambo ulilolisema kwenye tawi uliloliacha linajitokeza kwenye jipya. Lakini kumbukumbu hiyo huchukua baadhi ya mambo tu, na kazi yenye masharti mengi haifai kuitegemea.

Sasa, namna ya kurudi. Tazama chini ya ujumbe uliouhariri. Kwenye kompyuta utaona vishale viwili vidogo na tarakimu katikati, kama `2/2`. Wakati mwingine havionekani mpaka upeleke kielekezi cha kipanya juu ya ujumbe wenyewe. Maana yake ni kwamba mahali hapo pana matoleo mawili, nawe unaangalia la pili. Bofya kishale cha kushoto, isomeke `1/2`, na ujumbe wa zamani utarudi pamoja na majibu yaliyoufuata. Hapo unaweza kuendelea kuandika chini kabisa kama kawaida, na kitakachoongezeka kitakaa kwenye tawi hilo la zamani bila kuligusa lile jipya. Ikiwa programu ya simu yako haionyeshi vishale, fungua mazungumzo hayo hayo kwenye kivinjari cha kompyuta kabla ya kukata tamaa.

Tarakimu hizo zina mtego unaowanasa hata watu wazoefu. Zinahesabu matoleo ya ujumbe mmoja tu, mahali pale pale zilipo. Hazikuambii kuna matawi mangapi katika mazungumzo yote. Katibu wetu ana matawi matatu: la wageni 250, la wageni 150 lenye barua kali, na la wageni 150 lenye barua ya upole. Akiwa kwenye tawi la 250, anaona `2/2` kwenye ujumbe wa kwanza, na hapaoni kabisa njia panda ya barua, kwa sababu iko ndani ya tawi asilolitazama. Lazima kwanza arudi kwenye `1/2` huko juu, kisha ateremke hadi ujumbe wa tatu ndipo vishale vingine vijitokeze.

Kwa hiyo anayetafuta jibu lililopotea asianzie chini. Apande mpaka ujumbe wa kwanza, ashuke taratibu, na kila anapokuta vishale asimame na kupitia matoleo yote ya mahali hapo. Aangalie na chini ya majibu pia, si chini ya jumbe zake peke yake. Ukiomba jibu litolewe upya bila kubadilisha swali, hapo pia panazaliwa tawi, na vishale vyake hukaa kwenye jibu.

Mazungumzo yakiwa marefu sana, yenye njia panda juu ya njia panda, kuna njia ya kuyaona yote. Katika ChatGPT nenda `Settings`, kisha `Data controls`, kisha `Export data`. Utatumiwa kiungo kwa barua pepe, nacho hudumu saa 24 tu, basi kipakue mapema. Ndani ya kifurushi kuna faili liitwalo `chat.html`, ambalo watu wengi hulifungua kwanza kwa kuwa linasomeka vizuri kwenye kivinjari. Jihadhari nalo. Linaonyesha tawi moja la kila mazungumzo, lile lililokuwa wazi mara ya mwisho, na mtu akilisoma peke yake atathibitisha kimakosa kwamba majibu yake yamefutwa. Yaliyosalia yako kwenye data ya JSON, katika `conversations.json`. Humo kila ujumbe una kitambulisho chake, mzazi wake, na watoto wake. Ujumbe uliozaa matawi utaonekana hivi, ingawa vitambulisho vyenyewe ni virefu zaidi:

```json
"id": "a1",
"parent": "a0",
"children": ["b2", "b7"]
```

Watoto wawili maana yake njia mbili zinaanzia hapo. Huna haja ya kuusoma mpangilio wote. Fungua faili kwa programu yoyote ya maandishi, tafuta neno unalolikumbuka kutoka kwenye jibu lililopotea, kama vile jina la ukumbi, na maandishi yake yatakuwa hapo.

Je, tuache kuhariri? Hapana. Kuhariri kuna kazi yake, na mara nyingine ndiyo njia bora kuliko kuandika ujumbe mpya. Ukikosea jambo la msingi, kisha ukaandika chini kwamba ulikosea, kosa lenyewe linabaki kwenye njia, nayo modeli inaendelea kulisoma pamoja na sahihisho lako. Mazungumzo yakirefuka, kosa la zamani linaweza kuchomoza tena: jibu moja linatumia 250, la pili linarudi kwenye 150. Ukihariri, kosa halimo tena katika kinachosomwa. Kwa hiyo ukigundua mapema, kabla hujajenga mengi juu yake, hariri bila wasiwasi.

Lakini ukigundua umechelewa, baada ya masharti na maamuzi mengi kupita, nashauri uandike ujumbe mpya chini kabisa. Katibu angeandika kwamba wageni wameongezeka kutoka 150 hadi 250, na kuomba hesabu za chakula na usafiri zirekebishwe huku sharti la ukumbi likibaki vilevile. Sentensi mbili, na asingepoteza chochote. Kama bado angetaka kujaribu njia nyingine kabisa, tangu Septemba 2025 ChatGPT ina chaguo la `Branch in new chat` kwenye menyu ya jibu. Linafungua mazungumzo mapya yanayobeba yote yaliyotangulia hadi jibu hilo, na ya zamani yanabaki kwenye orodha yako kama yalivyokuwa.

Na kama umeshahariri na ungependa kubaki kwenye tawi jipya, rudi kwanza kwenye la zamani kwa vishale, nakili masharti uliyoyatoa na majibu unayoyahitaji, kisha yabandike katika ujumbe unaofuata wa tawi jipya. Kazi hiyo hakuna atakayekufanyia, kwa kuwa hakuna mwingine anayeyaona matawi yote mawili.

Kitu kimoja usikifanye kwa hasira: usiyafute mazungumzo ili uanze upya kabla hujapitia vishale vyote. Kufuta hakuchagui tawi. Kunaondoa yote kwa pamoja, na hapo ndipo majibu ya zamani yanapopotea kweli.