Utendi wa Mwindo na Suala la Ukamilifu wa Matini Simulizi

Mwaka 1970 Ruth Finnegan alitilia shaka kuwapo kwa utendi simulizi barani Afrika. Hata hivyo, mwaka mmoja kabla ya hapo, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walikuwa wamechapisha utendi wa Mwindo wa Wanyanga, jamii ya misituni mashariki mwa Kongo. Makala hii inafafanua jinsi matini hiyo ilivyopatikana, kwa sababu njia ya kuipata ndiyo inayoamua namna inavyopaswa kusomwa.

Kisa chenyewe kinamhusu mtemi Shemwindo wa Tubondo, aliyewaamuru wake zake wazae mabinti tu. Mwindo anapozaliwa akiwa ameshika usinga wake, baba anajaribu kumuua, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mtoto anafika kwa shangazi yake Iyangura, anarudi kuishinda Tubondo, na kumfuata baba yake hadi kuzimu. Hamuui; wanagawana utawala. Baadaye, baada ya Mwindo kuua joka, Nkuba, bwana wa radi, anampeleka angani ili akaadhibiwe kwa kiburi chake. Shujaa anarudi akiwa mtemi mpole.

Biebuyck alipokea simulizi hii mwaka 1956 kutoka kwa fanani Candi Rureke, kwa siku kumi na mbili. Rureke aliimba, alicheza na kuigiza akiwa ameshika usinga kama wa Mwindo, huku vijana wakimpigia mdundo na hadhira ikimwitikia. Jambo la kuzingatia ni kwamba yeye mwenyewe alisisitiza kuwa hakuwahi kuusimulia utendi wote kwa mfululizo. Desturi ya Wanyanga ni kuwasilisha sehemu teule, kulingana na tukio na hadhira.

Kwa hiyo, matini “kamili” tuliyo nayo ilizaliwa na ombi la mtafiti. Hilo haliifanyi kuwa ya bandia, kwani mpangilio wa visa ulikuwa katika kumbukumbu ya fanani. Linaonyesha tu kwamba ukamilifu huo ulikuwa ndani ya maarifa yake, haukuwa sharti la kila utendaji. Matoleo mengine ya Wanyanga aliyochapisha Biebuyck mwaka 1978 yanatofautiana na hili, na hakuna lililo asili ya mengine.

Hapa ndipo miradi ya kuhifadhi tendi inapoweza kukosea. Mradi unaodai matini moja kamili humsukuma fanani aunganishe sehemu ambazo jamii huzisikia mbalimbali, kisha hulihesabu toleo hilo kuwa ndilo sahihi. Dalili yake huonekana kwenye kumbukumbu: jina la fanani lipo, lakini hakuna maelezo ya nani aliomba simulizi, ilichukua siku ngapi, wala nani waliitikia. Inapendekezwa kwamba kila rekodi ya utendi iambatane na maelezo hayo matatu, na kwamba utendaji wa sehemu moja mbele ya hadhira yake ya kawaida uhifadhiwe kando ya toleo refu. Bila hivyo, msomaji wa kesho hatatofautisha utendi wa Wanyanga na mahitaji ya aliyeuandika.