Supu ya Mgonjwa Ndani ya Chupa ya Chai

Supu ya kuku hupikwa saa kumi na moja alfajiri, humiminwa kwenye chupa ya chai, ikapandishwa basi kupelekwa kwa mgonjwa hospitalini. Akiinywa saa saba mchana, zimepita saa nane. Ndugu huimimina kikombeni, wakaona mvuke, wakasema bado ya moto. Lakini hata supu ya nyuzijoto 50 huhisika ya moto mdomoni, na Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzijoto 60 mpaka kiliwe.

Hofu kubwa ni bakteria wa jamii ya klostridia, ambao hupatikana sana kwenye nyama na kuku. Kuchemsha huwaua, ila mbegu zao ngumu hustahimili. Supu ikishuka chini ya 60, mbegu hizo zinaweza kuamka, na kwenye nyuzijoto 43 hadi 47 bakteria huweza kuongezeka maradufu kwa takriban dakika kumi. Mara nyingi supu hainuki wala haibadiliki ladha. Tumbo hukata na kuharisha saa kadhaa baadaye, na mgonjwa aliye dhaifu huumia zaidi.

Chupa haipashi supu moto, inachelewesha tu kupoa. Tuseme hewa ni nyuzijoto 30 na supu iliyotoka jikoni ikichemka imemiminwa kwenye chupa baridi. Kioo cha ndani kinanyonya joto, supu inaanza safari ikiwa na 85. Kama baada ya saa nne imefika 70, baada ya saa nane itakuwa kama 59, yaani imeshavuka mstari. Chupa hiyo hiyo ikitangulia kujazwa maji ya moto yanayochemka kwa dakika kumi, yakamwagwa na supu kuingia papo hapo, safari itaanza kwenye 93 hivi na saa ya nane itaikuta kwenye 63. Hapo chupa imejazwa hadi karibu na kizibo, na haikufunguliwa njiani. Iliyojaa nusu hupoa haraka zaidi, na kila ukifungua kuonja, mvuke unaondoka na joto lake. Nyama nayo ikatwe vipande vidogo, ichemke pamoja na mchuzi.

Chupa zenyewe hazilingani. Ukishika ubavu wa chupa iliyojaa na kuukuta una joto, ombwe kati ya kuta zake limeharibika; usiibebee supu.

Kabla ya safari, ijaribu yako: ipashe, ijaze maji yanayochemka, ifunge, iache kwa saa zile zile utakazokuwa njiani, kisha tumbukiza kipimajoto cha chakula. Yakisoma chini ya 60, mpelekee mgonjwa supu iliyopikwa karibu na hospitali. Na supu iliyokaa chini ya 60 zaidi ya saa mbili imwage, usiipashe tena, kwa kuwa kuna sumu za bakteria wengine zisizokufa kwa kuchemshwa.