Mnara Uliowanyakua Motoni

Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, Vladimir Titov na Gennady Strekalov walikuwa wamefungiwa ndani ya chombo cha Soyuz, juu ya roketi iliyojaa mafuta ya taa na oksijeni ya maji, pale Baikonur, Kazakistani. Ilibaki dakika moja na nusu hivi waruke. Vali moja ikagoma, mafuta yakamwagika, na moto ukashika chini ya roketi.

Wao hawakuuona. Chombo kilikuwa kimefunikwa na gamba la kukikinga na upepo, kwa hiyo walihisi mtikisiko tu. Hata kitufe cha kujiokoa hawakuwa nacho.

Kilichokuwepo kileleni mwa roketi ni mnara mwembamba wenye injini zake. Injini hizo hutumia fueli yabisi, iliyoshindiliwa kama baruti ya fataki: haina pampu wala vali za kusubiriwa, ikiwashwa inalipuka kwa nguvu yake yote papo hapo. Kazi yake ni kukinyakua chombo na kukipeleka juu, tena pembeni, roketi isije ikakiangukia.

Lakini moto ulikwisha kuunguza nyaya za kuuamuru mnara. Ikabaki amri ya redio, na hiyo ilitaka watu wawili, kila mmoja mahali pake, wabonyeze vitufe karibu kwa wakati mmoja. Tahadhari hiyo iliwekwa ili mkono wa mtu mmoja usije ukakosea. Usiku ule ilikula sekunde ambazo hazikuwepo. Hatimaye wakabonyeza. Mnara ukawaka, chombo kikang'oka, na sekunde chache baadaye roketi ikalipuka.

Kwa kama sekunde tano, wanaanga walielemewa na nguvu ya zaidi ya mara 14 ya uzito wao. Mtu wa kilo 70 hapo anajihisi ana karibu tani moja. Kisha injini zikazimika, kibanda chao kikachomoka ndani ya gamba, parachuti likafunguka, wakatua kilomita nne hivi kutoka kwenye moto. Walipata michubuko tu.

Mnara huu haubebwi hadi mwisho. Baada ya dakika mbili hivi hutupwa, kwa kuwa ni mzigo. Tarehe 11 Oktoba 2018 ulikuwa umetupwa punde tu pale roketi ya pembeni ilipojitenga vibaya na kuigonga ile ya katikati. Pini ya kihisio ilikuwa imepinda wakati wa kuunganisha. Safari hii mfumo wenyewe uliwasha injini ndogo zilizo kwenye gamba, bila kusubiri kitufe cha mtu. Aleksey Ovchinin na Nick Hague walitua salama, na Machi 2019 wakaruka tena, kwa Soyuz nyingine, wakafika kwenye kituo cha anga.