Kumwacha mteja baada ya tarehe 20

Watunza hesabu wa kujitegemea wa Dar es Salaam huuishi mwezi kwa tarehe mbili. Kufikia tarehe 7, kodi ya mishahara ya mwezi uliopita iwe imelipwa. Kufikia tarehe 20, ritani ya VAT ya mwezi huohuo iwe imefika Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA. Anayetaka kuachana na mteja msumbufu bila kuharibu jina lake aanze kwa kuziangalia tarehe hizo, kwa sababu barua ileile ikitumwa tarehe 18 inasomeka kama kumtelekeza mtu, na ikitumwa tarehe 23 inasomeka kama taarifa ya kazi.

Nimechagua kazi ya hesabu kwa makusudi. Fundi cherehani akiachana na mteja, kinachobaki kati yao ni kitambaa na pesa. Mtunza hesabu anaondoka akiwa amejua siri za duka zima: nani anadaiwa, mzigo ulinunuliwa kwa bei gani, mishahara ni kiasi gani. Kariakoo wafanyabiashara wanajuana, na kazi nyingi za hesabu hupatikana kwa mtu kumtajia mwenzake. Namna ya kuondoka kwa mteja mmoja ndiyo itakayowafikia wateja wengine kumi.

Kwanza tumtenge mteja mgumu na mteja wa matatizo. Mwenye duka anayechelewesha ada kwa sababu fedha zake zimelala kwenye mzigo, lakini anapokea simu na kusema atalipa lini, ni mgumu tu. Anayeuliza maswali mengi kuhusu kila tarakimu naye ni mgumu, na mara nyingi hesabu zake huwa safi kuliko za wengine. Mteja wa matatizo anajulikana kwa jinsi anavyoupokea mpaka ulioandikwa. Mwandikie ujumbe mfupi wa heshima: risiti na ankara za mwezi zinifikie kabla ya tarehe 10, zikichelewa sitaweza kuahidi kuwahi tarehe 20. Mteja mgumu atalalamika, kisha ataleta. Mteja wa matatizo hatajibu, au atapiga simu kuuliza tangu lini unampangia. Mwezi unaofuata bahasha itafika tarehe 19 jioni, na faini ikija atasema ni ya kwako.

Dalili ya pili ninayoitilia maanani sana ni maagizo yasiyotaka kuandikwa. Ukimwomba athibitishe kwa ujumbe, anapiga simu. Ukimtumia muhtasari wa mlichoongea, anausoma na kunyamaza. Ikiwa pia anakusimulia kwamba watunza hesabu wote waliokutangulia walikuwa wezi, omba kuonana na mmoja wao kabla hujaanza kazi. Kuna na kazi inayoongezeka kimyakimya: leo ritani, kesho maombi ya mkopo wa benki, keshokutwa kusimamia hesabu ya stoo, na ada ni ileile. Hilo huponyeka kwa ankara mpya, kwa hiyo si lazima liwe sababu ya kuondoka.

Dalili isiyoponyeka ni kuombwa kudanganya, na huwa inakuja kwa sauti ya kawaida kabisa. Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi. Mauzo ya Agosti, bila VAT, ni shilingi milioni 40, na manunuzi yenye risiti halali ni milioni 30. Kwa kiwango cha asilimia 18, kodi ya mauzo ni shilingi 7,200,000 na ya manunuzi ni 5,400,000, hivyo duka linatakiwa kulipa 1,800,000. Mauzo hayafichiki kirahisi, kwa sababu mashine ya EFD hupeleka taarifa zake TRA kila siku. Basi tarehe 14 Septemba mwenye duka analeta risiti za ziada za milioni 9, za bidhaa ambazo hazikuingia stoo. Zikiingizwa, kodi inapungua kwa 1,620,000 na kubaki 180,000. Anasema kwa upole, “Ziweke tu hizo, kila mtu anafanya hivyo.”

Mtunza hesabu asihubiri wala asiahirishe. Aandike siku hiyohiyo: “Bosi, risiti hizi za milioni 9 sijazioana na hati za kupokea mzigo wala kumbukumbu za stoo, kwa hiyo sitaziingiza. Nimeandaa ritani kwa manunuzi ya milioni 30 niliyoyathibitisha. Naomba uipitie kabla ya tarehe 18 ili iwahi.” Sentensi hizo hazimwiti mtu mwizi. Zinaeleza kilichokosekana, kilichofanyika na kinachofuata. Zinamkinga pia aliyeziandika, kwa kuwa sheria ya usimamizi wa kodi inamgusa hata anayemsaidia mlipakodi kudanganya.

Kuanzia hapo njia ni mbili. Mteja akishikilia kwamba risiti ziingie, kazi iishe siku hiyo: usiwasilishe chochote, mkabidhi kazi safi uliyoiandaa na mwambie kwa maandishi kwamba hujawasilisha ritani, ili asije akasema alidhani imeshakwenda. Akikubali kwa kununa, wasilisha ritani ya kweli, uhifadhi uthibitisho wake, kisha uondoke kwa utaratibu. Wengi huona kwamba akishakubali basi yamekwisha. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyekwisha kujaribu milango yako atarudi kujaribu tena Desemba, wakati umechoka na una wateja wengine wanane.

Katika mfano wetu amekubali, na ritani imewasilishwa tarehe 19. Ada ni shilingi 250,000 kwa mwezi, na ya Julai na Agosti haijalipwa. Mapatano yao yalikuwa ya kupeana taarifa ya wiki nne. Barua inakwenda tarehe 22 Septemba, iliyochapwa na kusainiwa, na nakala yake inatumwa kwa WhatsApp ili saa na tarehe zionekane:

“Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Kuhitimisha kazi ya utunzaji wa hesabu

Nakushukuru kwa kunipa kazi tangu Februari mwaka jana. Naandika kukuarifu kwamba sitaendelea na kazi hii baada ya tarehe 20 Oktoba.

Kabla ya hapo nitakamilisha hesabu za Septemba, yaani kodi ya mishahara inayotakiwa kufikia tarehe 7 na ritani ya VAT inayotakiwa kufikia tarehe 20, kwa kutumia risiti na ankara zenye kumbukumbu za stoo zitakazonifikia kabla ya tarehe 6. Hesabu za Oktoba na kuendelea zitashughulikiwa na mtu utakayemteua.

Tarehe 21 Oktoba saa 4 asubuhi nitakabidhi mafaili yote hapo dukani, pamoja na orodha ya makabidhiano ambayo tutaisaini sote wawili. Naomba siku hiyo ubadilishe neno la siri la akaunti ya kodi.

Nimeambatanisha ankara za ada ya Julai na Agosti, jumla shilingi 500,000. Naomba zilipwe kufikia tarehe 15 Oktoba. Ankara ya Septemba nitaileta siku ya makabidhiano.

Mtunza hesabu mpya akiwa na swali kuhusu kumbukumbu nitakazokabidhi, nitamjibu kwa idhini yako hadi tarehe 30 Novemba.

Nakutakia heri katika biashara.”

Barua haikueleza sababu ya kuondoka, na hapo ndipo watu wengi huteleza. Wanataka haki yao isikike, kwa hiyo wanaandika kurasa mbili za ucheleweshaji, kejeli na risiti za milioni 9. Barua ya namna hiyo inampa mteja kitu cha kubishia, na anaweza kukata kipande kimoja na kukisambaza. Barua ya kuondoka iandikwe kana kwamba itasomwa na watu watatu wasiotajwa ndani yake: mtunza hesabu ajaye, mteja mwingine wa mtaa uleule, na hakimu. Kukataa kuingiza risiti kuna ujumbe wake wa tarehe 14. Huo unahifadhiwa peke yake, na hauhitaji kurudiwa.

Shukrani nazo ziwe za kweli. Alikupa kazi, basi mshukuru kwa kazi. Usiandike kwamba ilikuwa heshima kubwa kufanya kazi na mtu mwadilifu kama yeye, maana sentensi hiyo itatumika kama ushuhuda wako siku mambo yakiharibika.

Simu itakuja. “Nani amekununua? Si nilikubali?” Jibu ni moja na linarudiwa bila kuongezwa: “Nimeamua kupunguza kazi hii, bosi, na tarehe 21 nitakukabidhi kila kitu.” Akimtuma ndugu au mzee wa kusuluhisha, mpokee kwa adabu na umpe maneno yaleyale. Ukianza kueleza sababu kwa msuluhishi, umefungua mazungumzo ya ada kuongezwa, nawe tatizo lako halikuwa ada.

Kwenye makabidhiano, orodha iwe ya vitu vinavyohesabika: faili la risiti za mauzo kwa miezi, faili la ankara za manunuzi, uthibitisho wa ritani zilizowasilishwa, taarifa za benki, mikataba ya wafanyakazi. Zile risiti za milioni 9 zirudishwe pia, zikiwa kwenye bahasha yake, na kwenye orodha ziandikwe “hazikutumika katika ritani ya Agosti”. Baki na nakala ya orodha iliyosainiwa na ya ritani ulizoandaa. Mlipakodi anatakiwa kutunza kumbukumbu kwa miaka 5, na ni busara wewe nawe utunze nakala zako kwa muda huohuo.

Ikiwa shilingi 500,000 hazijaja kufikia tarehe 21, kishawishi ni kubaki na mafaili hadi alipe. Nawasihi wenzangu wasifanye hivyo. Risiti na ankara ni zake, na akipigwa faini kwa kukosa kumbukumbu, hadithi itakayozunguka Kariakoo ni kwamba ulimfungia hesabu. Kabidhi, kisha dai deni kwa njia yake: barua ya madai yenye tarehe, na ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo. Orodha aliyosaini itakuwa sehemu ya ushahidi kwamba kazi ilifanyika.

Vijembe kwenye Status ya WhatsApp viepukwe kabisa, hata visivyotaja jina. Wateja wako waliobaki watavisoma na kujiuliza watasemwa vipi siku yao ikifika. Mtunza hesabu mpya akipiga simu, muulize kwanza kama mteja ameridhia, kisha jibu yale yaliyo kwenye mafaili. Akiuliza, “Huyu mtu yukoje?”, mwambie apitie hesabu za Agosti pamoja na orodha ya makabidhiano, ndipo aamue mwenyewe. TRA wakikuita rasmi, hapo mambo ni mengine: wana mamlaka ya kudai taarifa, na utawajibu kwa ukweli, ukiwa na ujumbe wako wa tarehe 14 mkononi.